Doa la Njano Linalopanda Juu ya Rangi Mpya

Mpangaji aliyehama alikuwa akivutia sigara kitandani miaka nenda miaka rudi. Mwenye nyumba akaita fundi, chumba kikapakwa rangi nyeupe ya maji mikono miwili, na jioni kikang'aa. Asubuhi dari lilikuwa na mawingu ya njano, hasa juu ya kitanda, na harufu imerudi. Fundi akatuhumiwa kuichakachua rangi. Maskini, rangi yenyewe haikuwa na kosa.

Moshi wa sigara huacha utando wa lami na nikotini, na dari ndilo huumia zaidi kwa kuwa moshi hupanda. Utando huo hunata kama mafuta, lakini sehemu yake huyeyuka majini. Rangi ya maji ikipita juu yake, maji yaliyomo huuyeyusha, kisha yakikauka huuvuta hadi juu. Mkono wa tatu nao utafanywa vivyo hivyo.

Kwa hiyo kwanza ni kuosha. Changanya nusu kikombe cha soda ya kufulia, ndugu wa magadi, na lita 4 za maji ya moto, utie na sabuni kidogo ya vyombo. Vaa glavu na miwani, maana maji haya yatakudondokea. Ukuta huoshwa kuanzia chini kwenda juu: maji machafu yakichuruzika juu ya ukuta mkavu huacha michirizi migumu kutoka, ila juu ya ulioloa hufutika. Acha dakika chache, sugua kwa sponji, kisha suuza kwa maji safi. Dari la jipsamu usililoweshe, kwani karatasi yake huvimba. Sponji iliyokamuliwa inatosha. Badilisha maji kila yanapogeuka rangi ya chai. Kitambaa cheupe chenye unyevu kikipita bila kuchafuka, umemaliza. Jiki usiichanganye kamwe na amonia wala siki, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Hata hivyo, kuosha hakutoi kilichokwisha kuzama ndani ya rangi ya zamani. Hapo ndipo inapohitajika rangi ya kwanza ya kuziba doa, isiyo ya maji. Iko ya mafuta, ambayo huachwa usiku kucha. Iko pia ya shelaki, utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwenye spiriti, inayokauka kwa takriban saa moja na kuzuia harufu vizuri zaidi. Mvuke wa zote mbili ni mkali na hushika moto: fungua madirisha, zima jiko. Jaribu kwanza kipande palipo na doa zito, upake rangi ya maji juu yake, kisha ukitazame kesho yake.

Katika chumba kile madoa hayakurudi, lakini harufu ilibaki kwa mbali. Ilikuwa kwenye pazia, mapanga ya feni na ukingo wa juu wa mlango, ambao hakuna aliyekumbuka kuufuta.