Kumwita mufanyakazi atoke konje: mesaji inapaswa kusema nini

Wasomi wenzangu, wengi wetu tunatoka na lisanse ya agronomia, tunaanza kazi kama ajenti wa shamba, na miaka mbili ao tatu nyuma tunapewa watu wa kusimamia. Hapo njo unakutana na kazi ambayo hakuna profesa aliyetufundisha: kumwandikia mutu ambaye konje yake wewe mwenyewe uliisaini, na kumwomba arudi. Wengi wanafikiri heshima ya mesaji kama hiyo iko katika "samahani" na "tafazali". Mimi naona iko kwingine: katika tarehe, katika feza ya njia, na katika nafasi ya kusema hapana.

Tuanze na sheria kidogo, juu ujue unachukua nini kwa mutu. Kodi ya kazi ya Kongo, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mufanyakazi mukubwa walau siku moja ya kazi ya konje kwa kila mwezi muzima wa utumishi. Siku moja inaongezeka kwa kila miaka tano aliyofanya kwa mwajiri yuleyule. Kwa hiyo ajenti mupya anayepewa kiasi cha chini cha sheria iko na siku 12 kwa mwaka. Ukimwita kwa siku 4, umegusa sehemu moja juu ya tatu ya mapumziko yake ya mwaka. Shefu anayeandika "ni siku kidogo tu" hajafanya hesabu hiyo.

Sasa tuchukue mfano. Kooperative moja inasimamia mashamba ya mahindi pembeni ya Lubumbashi. Ajenti wake iko konje kwao Kolwezi, kuanzia Jumatatu tarehe 19 Januari 2026 mpaka Jumamosi tarehe 31, ni siku 12 za kazi kamili. Ijumaa tarehe 23 jioni, wakulima wanaleta habari ya viwavi jeshi vamizi. Je, hii ni dharura ya kweli?

Ni ya kweli, na sababu yake ni maisha ya mududu mwenyewe. Mayai yanaanguliwa kwa siku chache tu. Kiwavi kidogo kinakwangua jani na kuacha madoa ya kupitisha mwangaza, na wakati huo dawa inakifikia vizuri. Kisha kinakua, kinaingia ndani ya moyo wa muhindi, na kinyesi chake kama unga wa mbao kinaziba mulango nyuma yake. Hapo unaweza kupulizia mpaka ukachoka, dawa inabaki juu. Kazi ya wiki hii haiwezi kungoja tarehe 2 Februari. Lakini mfadhili aliyetangaza ziara yake miezi mbili mbele, ao raporti ya mwisho wa mwezi, hiyo haiitwe dharura. Ni shefu ambaye hakupanga, na konje ya mutu mwingine haipaswi kulipa.

Kuna swali ya pili kabla ya kuandika: unamuhitaji mutu, ao unahitaji kitu anachojua? Mara nyingi kinachokosekana ni ufunguo wa depo, ao kaye yenye majina ya wakulima. Hiyo inaisha kwa telefone ya dakika kumi. Katika mfano wetu mutu mwenyewe anahitajika, juu ni yeye aliyefundisha vikundi kupima mashamba na kupulizia, na mwenzake wa pekee iko Kasenga kwa kazi ingine.

Basi Jumamosi asubui shefu anaandika hivi, kwake peke yake:

"Jambo Enjenia, salamu kwa jamaa yote. Samahani kwa kukusumbua, najua uko konje mpaka tarehe 31. Jana jioni tumekuta viwavi jeshi vamizi katika bloku ya tatu: juu ya mimea 50 tuliyopima, 17 iko na majani yaliyoliwa sasa hivi, na viwavi vingi ni vidogo bado. Wewe njo ulifundisha vile vikundi, na mwenzako atatoka Kasenga tarehe 3 tu. Naomba, kama inawezekana, usafiri Jumatatu tarehe 26, tufanye kazi Jumanne na Jumatano, urudi kwenu Alhamisi. Siku hizo 4 zote zinarudi kwako: konje itaendelea tarehe 30 na kuisha tarehe 5 Februari, utaanza kazi tarehe 6. Tiketi ya kuja na kurudi na chakula ya njiani ni juu ya biro. Ukikubali natuma feza leo. Kama haiwezekani, niambie bila woga, haitakuletea shida. Nitakuomba tu nusu saa ya telefone Jumatatu. Nangoja jibu mpaka kesho saa sita ya muchana. Asante."

Angalia vile siku zimehesabiwa. Ametumia 6, kutoka tarehe 19 mpaka 24. Tarehe 30 na 31 ni 2 zingine. Zinabaki 4, tarehe 2 mpaka 5 Februari. Jumla ni 12. Siku mbili za kusafiri nazo zimewekwa upande wa kazi, na hapo njo mashefu wengi wanateleza: wanarudisha siku mbili za shamba, wanasahau kama mutu alikaa pia siku mbili ndani ya bisi kwa ajili yao. Na "tutaona baadaye" hairudishe kitu. Mwezi wa tatu hakuna anayekumbuka.

Ile hesabu ya mimea 17 juu ya 50 nayo iko na kazi yake. Ajenti anaisoma na kuamua mwenyewe kama jambo ni nzito. Ukimwandikia "tuko na shida kubwa, rudi haraka", unamwachia woga tu, na atapiga telefone kwa wenzake wote kuuliza nani amefukuzwa.

Sentensi iliyo nguvu kuandika ni ile ya "kama haiwezekani". Kwetu, mutu mudogo hasemi hapana kwa mukubwa wake kirahisi. Atajibu "Sawa shefu" hata kama mama yake iko hospitali. Njo maana ombi dogo la nusu saa linafuata: linampa kitu cha kutoa bila kukataa kabisa. Ukipata "Sawa shefu" mukavu, bila swali ya tiketi wala ya saa, mupigie. Muulize kwanza habari ya nyumbani, kisha unyamaze, umwache aseme.

Usiandike katika kikundi cha watsapu cha kazi. Pale watu ishirini wanaangalia jibu lake, na ombi linageuka amri. Mesaji ya sauti peke yake pia haitoshi, juu hakuna anayeweza kuionyesha kwa biro ya wafanyakazi. Akikubali, siku ileile uandike kwa biro hiyo karatasi ya kubadilisha tarehe za konje, na umutumie picha yake ikiwa imesainiwa, mbele hajapanda bisi.

Na akikataa? Jibu fupi inatosha: "Nimeelewa, pole na asante kwa kunijibu. Jumatatu saa tatu nitakupigia, unitajie mukulima anayejua vizuri kutofautisha kiwavi kidogo na kile kilichokwisha kuingia ndani."