Sekunde Nane za Skrini Mpakani Horohoro

Mnamo mwaka 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, wasafiri waliokuwa wakiingia Tanzania walitakiwa kujaza fomu ya afya mtandaoni, katika mfumo wa Afyamsafiri, ndani ya saa 24 kabla ya kufika. Maelekezo yalikuwa ya maandishi. Lakini msafiri aliyetoka Lunga Lunga, akisimama Horohoro na simu yenye skrini ndogo, aweza kusoma maneno “chagua mahali pa kuingilia” asijue orodha inafunguka wapi.

Hapo ndipo klipu fupi ya skrini hufaa. Haichukui nafasi ya maandishi. Hukaa chini ya sentensi moja na kuonyesha hatua hiyo tu. Klipu ya fomu nzima ni adha, kwa kuwa msomaji aliyekwama katika hatua ya tatu hulazimika kutazama mbili alizokwisha kuzimaliza.

Chukulia mhudumu wa afya anaandaa hatua hiyo. Kwanza huzima taarifa za simu, ujumbe wa mgonjwa usije ukajitokeza juu ya skrini. Kisha hufungua kinasa skrini, ambacho simu nyingi za Android 11 na kuendelea huja nacho, na kuwasha `Show touches on screen`. Pasipo alama hiyo ya kidole, orodha hufunguka kana kwamba kwa mazingaombwe. Hugusa orodha, huchagua Horohoro, kisha huacha mkono utulie kwa sekunde mbili. Klipu inayojirudia isipokuwa na utulivu huo, mtazamaji hatambui mwisho wala mwanzo.

Kwenye kompyuta, amri ifuatayo ya ffmpeg huruka sekunde 3 za mwanzo, huchukua 8, huondoa sauti na kupunguza ukubwa wa picha:

```
ffmpeg -ss 3 -t 8 -i hatua3.mp4 -an -vf "fps=10,scale=360:-2" fupi.mp4
```

MP4 ni bora kuliko GIF kwa kazi hii. GIF ina rangi zisizozidi 256 kwa kila picha na kwa kawaida faili lake huwa zito zaidi, gharama ambayo hubebwa na kifurushi cha msafiri.

Ugumu uko katika majina. Pasipoti ya mtu halisi haifai kurekodiwa, hata kwa nia ya kuifunika baadaye, maana picha moja iliyosahaulika yatosha kuifichua. Hutumika jina la kubuni. Lakini jina hilo nalo lisitumwe, kwani mfumo wa serikali ungepokea msafiri asiyekuwapo. Hivyo kurekodi hukoma kabla ya kitufe cha kutuma, na hatua hiyo ya mwisho huelezwa kwa maandishi pamoja na picha ya kitufe.

Kabla ya kuisambaza, klipu huonyeshwa mwenzake ambaye hajaiona fomu, katika simu ndogo. Akiuliza, “Umegusa wapi?”, hurekodiwa upya.