Memori kadi na gemu: kipi kinahama, kipi kinabaki ndani

Memori kadi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini juu yake kuna maandishi ya kutosha kumchanganya mnunuzi. Kuna namba 10 ndani ya herufi C, namba 1 au 3 ndani ya herufi U, pengine V30, na kwenye baadhi ya kadi A1 au A2. Juu ya yote hayo, kwa herufi kubwa, kuna namba anayopenda kuionyesha muuzaji: 100MB/s. Kwa anayetafuta mahali pa kuweka gemu, namba hiyo kubwa ndiyo yenye msaada mdogo kuliko zote.

Alama za C, U na V zilibuniwa kwa ajili ya kamera za video. Zinaahidi kasi ya chini kabisa ya kuandika data mfululizo: C10, U1 na V10 zote ni megabaiti 10 kwa sekunde, U3 na V30 ni 30. Mpiga video anaihitaji ahadi hiyo, maana kadi ikizidiwa video inakatika. Gemu ina kazi nyingine. Muda mwingi inasoma, tena vipande vidogo vilivyotawanyika: mlio wa kipenga hapa, jezi ya mchezaji kule, majukwaa ya uwanja kwingine. Kurekodi video ni kama kusoma riwaya tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kucheza gemu ni kutafuta maneno mia moja kwenye kamusi.

Kazi hiyo ya kamusi ina alama yake. Mwaka 2016 chama kinachoweka viwango vya kadi hizi, SD Association, kilitangaza A1, na mwaka 2017 kikaongeza A2. Kadi ya A1 lazima iweze kusoma vipande vilivyotawanyika mara 1,500 kwa sekunde na kuandika mara 500. Ya A2 inasoma mara 4,000 na kuandika mara 2,000. Kila kipande ni kilobaiti 4, kwa hiyo usomaji wa A1 ni kama megabaiti 6 tu kwa sekunde. Kadi ileile inaweza kuwa na 100MB/s usoni bila kudanganya, kwa kuwa namba hizo zinapima kazi mbili tofauti. Kadi isiyo na A yoyote haijaahidi lolote upande huu, na ndiyo maana gemu huweza kukwamakwama ikiwa kwenye kadi iliyosifiwa sana dukani.

Je, A2 ni bora? Kwa karatasi, ndiyo. Lakini ili ifikie kiwango chake, simu lazima ijue kuipangia kazi kwa foleni na kutumia akiba iliyomo ndani ya kadi. Simu isiyojua hayo haitapata kasi uliyoilipia. Mimi ningenunua A1 ya kampuni inayojulikana, na pesa inayobaki niiweke kwenye ukubwa.

Kadi ikishaingia, mwenye simu hugundua kwamba uamuzi wa kuhamisha gemu si wake peke yake. Kwenye Android, mtengenezaji wa gemu huandika ndani ya programu yake, katika kipengele kinachoitwa `android:installLocation`, kama inaruhusiwa kukaa kwenye kadi. Asipoandika chochote, gemu inabaki ndani ya simu. Fungua Settings, kisha Apps, chagua gemu, halafu Storage. Ukiona kitufe cha Change, umeruhusiwa. Kama hakipo, usihangaike na programu zinazojitangaza kuwa zitakuhamishia kila kitu.

Programu nyingine zina sababu nzuri ya kukataa. Kibodi, saa ya kengele na vidude vya kwenye skrini ya mwanzo vingezimika papo hapo kadi ikichomolewa. Gemu haina udhuru huo, kwa kuwa ukiifunga haina kazi ya kuendelea kufanya. Google yenyewe huwaambia watengenezaji kwamba gemu kubwa ndizo kwa kawaida zinazopaswa kuruhusu kukaa kwenye kadi, lakini wengi hawaruhusu.

Hata ruhusa ikiwapo, kinachohama ni sehemu tu. Tuseme umepakua gemu ya megabaiti 800. Ulipoifungua mara ya kwanza ikaomba kupakua ramani na sauti za gigabaiti 2.5. Sasa inakula gigabaiti 3.3. Unabonyeza Change, unasubiri, kisha unakuta nafasi iliyopatikana haifiki hata gigabaiti moja. Kilichohama ni lile faili la programu. Rekodi zako, data binafsi ya gemu na msimbo uliokwisha kuandaliwa kwa ajili ya simu vimebaki ndani. Zile gigabaiti 2.5 nazo kwa kawaida huwa kwenye folda ya `Android/data` ya hifadhi ya ndani, na gemu itazitafuta hapohapo. Zamani watu walijaribu kuihamisha folda hiyo kwa mkono. Tangu Android 11 mfumo umezifungia programu za kawaida za kusimamia faili zisiiguse.

Ipo njia nzito zaidi, iliyoletwa na Android 6.0 mwaka 2015: kuifomati kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Hapo data ya gemu inayokubali kuhama huifuata kwenye kadi, na simu hukuonya ikiona kadi ni ya polepole. Baadhi ya kampuni, Samsung ikiwamo, kwa kawaida hazionyeshi chaguo hilo. Kabla ya kulitumia, jua kwamba kadi inafutwa yote, kisha inafungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu hiyo moja. Haisomeki kwingine. Ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani ufunguo unapotea, na vilivyomo ndani ya kadi vimekwenda.

Mahali ambapo kadi inafanya kazi bila ugomvi ni kwenye gemu za PSP zinazochezwa kwa PPSSPP, ile programu inayoigiza mashine ya Sony ya mwaka 2004. PPSSPP inakaa ndani ya simu, nayo ni ndogo. Gemu zenyewe ni faili za ISO, ambazo unatakiwa kuzitoa kwenye diski zako mwenyewe, na unaweza kuziweka kwenye folda yoyote ya kadi. Diski ya PSP haikuzidi gigabaiti 1.8, kwa hiyo kadi ya 128 hubeba zaidi ya gemu 60. Mashine ile ilisoma diski kwa kasi isiyofika hata megabaiti 1.5 kwa sekunde, hivyo hata kadi ya C10 ya kawaida inatosha. Folda ya `PSP/SAVEDATA`, yenye maendeleo ya ligi yako, iache ndani ya simu. Ni ndogo, na kadi ikifa utanakili ISO upya lakini msimu mzima wa ligi hauna nakala.

Kadi feki nayo hujificha vizuri hapa. Imeandikwa 512, ndani ina 16. Ikijaa huweza kuandika juu ya faili za zamani au kupoteza mpya, na orodha bado inaonyesha majina yote. Dalili ni ISO inayoonekana lakini inafungua kioo cheusi. Kwenye kompyuta ya Windows ipime kwa H2testw. Kwenye Linux tumia F3, ukiweka njia ya kadi yako:

```
f3write /media/kadi
f3read /media/kadi
```

Ya kwanza inaijaza kadi, ya pili inasoma kama kilichoandikwa kimebaki vilevile. Kwa kadi kubwa kazi hiyo huchukua saa kadhaa, basi ianze siku uliyonunua, kadi ikiwa bado tupu na risiti ikiwa mfukoni.