Mjomba, Mjini Kuna Kazi Gani?

“Shikamoo mjomba. Kidato cha nne nimemaliza, lakini matokeo hayakunipeleka mbele. Je, huko Dar es Salaam kuna kazi gani?”

Barua za namna hii huenda mjini kila matokeo yanapotoka. Tumchukue kijana aliyeandika hii kutoka kijiji kimoja cha Masasi. Kazi anayoisikia zaidi ni bodaboda, na mjomba anayempenda mpwa wake amweleze hesabu yake kabla hajapanda basi.

Asiye na pikipiki huendesha ya tajiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupeleka hesabu kila siku, na chombo kinabaki cha tajiri daima. Ya pili ni mkataba: analeta hesabu kwa muda waliokubaliana, kisha pikipiki inakuwa yake. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000, siku sita kwa wiki, mwaka mzima. Atakuwa amelipa shilingi 3,120,000.

Siku njema akipata 25,000, akatoa hesabu na mafuta ya 7,000, hubaki na 8,000. Humo atakula, atabadilisha oili na kuweka akiba ya tairi. Siku ya mvua akipata 12,000 na kutumia mafuta ya 4,000, hesabu haijatimia na yeye hajala. Siku tatu kama hizo zikifuatana, deni linaanza. Mgeni huzipata nyingi, maana mitaa haijui, na kwenye vijiwe vingi haruhusiwi kupaki mpaka atambulishwe na alipe kiingilio.

Linaloniuma zaidi ni vijana wanaonyang’anywa pikipiki mwezi wa kumi wa mkataba kwa sababu ya deni dogo. Mara nyingi makubaliano yalikuwa ya mdomo, na kadi ya pikipiki ina jina la tajiri. Kwa hiyo mjomba aulize mapema: pikipiki ikilala gereji, hesabu ya siku hiyo inadaiwa? Injini ikifa, nani analipa? Kadi itabadilishwa jina lini? Tajiri asiyetaka majibu hayo yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aachwe.

Kwa maoni yangu, kwa huyu kijana bora aanze na saidia fundi. Ujira wa siku ni mdogo, ila hadaiwi hesabu na mtu. Akimshika fundi umeme au bomba mmoja na kudumu naye, anajifunza kazi. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, hivyo ujuzi huo haupotei.

Namba ya NIDA aifuatilie wilayani kwake kabla ya safari. Bila hiyo hata laini ya simu hasajili kwa jina lake, na mafundi wa mjini huwaita vibarua wao kwa simu, alfajiri.