Chaji Inapojitazama Kiooni

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Kioo ni kile cha dirishani kinachopitisha mwanga, na kioo ni kile cha kujitazamia. Kwa chaji ya umeme neno hilo moja linatosha, kwa sababu chaji ikisogezwa karibu na kioo cha dirisha hukuta humo taswira yake. Ni taswira iliyofifia, na alama yake imegeuzwa: chaji chanya huona hasi.

Chukua ushanga wa plastiki uliosuguliwa ukabaki na chaji ya nanokulombi 1, tuseme chanya, ukauning'iniza kwa uzi sentimita 1 juu ya bonge nene la kioo. Kioo hakipitishi umeme. Elektroni zake zimefungwa kwenye atomi zao, kila moja kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba fupi. Haziwezi kuukimbilia ushanga, ila kila moja hujivuta kidogo kuelekea juu. Ndani ya kioo mvuto huo hauonekani, maana hasi ya atomi moja huangukia kwenye chanya ya atomi iliyo juu yake. Usoni tu ndipo hasi hukosa wa kuifuta. Basi uso wa kioo hupata utando mwembamba wa chaji hasi, mzito zaidi chini ya ushanga, ukipungua kadiri unavyokwenda pembeni. Chanya inayolingana nayo husukumwa hadi uso wa chini, ambao kwa sasa tutachukulia kuwa uko mbali sana.

Je, utando huo una chaji kiasi gani? Wengi hukosea hapa, kwa kusahau kwamba utando nao husukuma. Kila dutu isiyopitisha umeme ina namba yake, tuiite k. Kwa ombwe ni 1, kwa hewa ni karibu hiyo hiyo, kwa maji ni kama 80, na kwa kioo chetu tuchukue 5. Maana yake ni kwamba usoni kioo hujibu kwa k−1, yaani mara 4 ya uga wa umeme unaoingia ndani yake. Nusu ya uga wa ushanga huenda juu na kupotea, nusu huteremka kupita uso wa kioo. Mara 4 ya nusu ni 2. Kwa hesabu hiyo utando ungekuwa na chaji mara 2 ya ushanga wenyewe, na kama ungekuwa uso wa maji ungekuwa na mara 39.5! Hapo ujue umekosea.

Tufanye upya. Iite chaji ya ushanga q na ya utando Q. Utando nao hutoa nusu ya uga wake kwenda juu na nusu kwenda chini, na ile ya chini huupinga uga wa ushanga. Kwa hiyo kinachoingia kwenye kioo ni jumla ya nusu ya q na nusu ya Q, na jibu la kioo ni

Q = −4 × (q/2 + Q/2)

Panga upya: 3Q = −2q. Utando una theluthi mbili tu ya chaji ya ushanga, ikiwa hasi. Kwa k yoyote ile, Q = −q(k−1)/(k+1). Maji yanatoa 79/81, karibu chaji nzima, na hakuna dutu ya namna hii inayoweza kuzidi hapo. Hesabu imekuwa fupi hivi kwa sababu uso ni bapa: kipande kimoja cha utando humsukuma jirani yake kwa ubavu tu, hakimsukumi kwenda chini. Uso ungekuwa umepinda, tungetoka jasho.

Sasa taswira. Utando huu, ukiutazama kutoka juu, hutoa uga ule ule ambao ungetolewa na chaji moja tu ya −2q/3 iliyokaa sentimita 1 chini ya uso, mahali hasa ambapo ungeona taswira ya ushanga kwenye kioo cha kujitazamia. Njia hii ya kuweka chaji ya kubuni mahali pa utando mzima ilianzishwa na William Thomson, baadaye Lord Kelvin, miaka ya 1840. Yeye alianza na metali, ambako taswira huwa kamili.

Lakini utando bapa hauna juu wala chini. Ukiutazama kutoka ndani ya kioo, uga wake ni kama wa chaji ya −2q/3 iliyo sentimita 1 juu ya uso, yaani palepale ulipo ushanga! Zinajumlishwa: q toa theluthi mbili, inabaki q/3. Ndani ya kioo, basi, uga ni kama wa ushanga uleule uliodhoofishwa hadi theluthi, na mistari yake imenyooka tangu mahali ulipo ushanga wa kweli. Mimi hili lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, kwani tumezoea kijiti kinachoonekana kimevunjika kikitumbukizwa majini. Ndiyo maana taswira ni mbili: ya chini ni ya kutumiwa na aliye juu, ya juu ni ya aliye chini. Mwanafunzi anayetafuta uga ndani ya kioo kwa kutumia taswira iliyo humo humo atakuta uga usio na mwisho mahali ambapo hakuna chaji yoyote.

Nguvu inayouvuta ushanga ni ile ya chaji mbili zilizoachana sentimita 2. Inatoka mikronewtoni 15, sawa na uzito wa miligramu 1.5, kama nusu ya punje ya ufuta. Ushushe ushanga hadi nusu sentimita, nguvu inakuwa mara nne.

Kwenye meza halisi mambo hayanyooki hivyo. Nusu ya chaji ya utando imo ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 1.7, lakini ukitaka asilimia 90 lazima ufike sentimita 10. Kipande kidogo cha kioo hakitoshi, na kioo chembamba cha dirisha hakifai kabisa, kwa sababu chanya ya uso wa pili iko karibu na inapunguza mvuto. Dalili yake ni kwamba ukiuinua ushanga, nguvu hushuka haraka kuliko hesabu inavyosema. Adui mwingine ni unyevu. Kwenye hewa ya Mombasa au Dar es Salaam uso wa kioo hushika utando wa maji unaopitisha umeme kidogo, na utaona nguvu ikipanda polepole kutoka mikronewtoni 15 kuelekea 22.5, ambayo ni nguvu ya taswira kamili ya metali.

Geuza mambo sasa, uiweke chaji upande wenye k kubwa. Ioni ya chumvi iliyo majini karibu na uso inaona hewa juu yake, na taswira yake huko hewani ina alama ileile, 79/81 ya chaji yake. Husukumwa chini. Mwaka 1934 Lars Onsager na Nicholas Samaras walitumia taswira hiyo kueleza kwa nini mvutano wa uso wa maji ya chumvi huzidi kidogo ule wa maji baridi: ioni hukwepa uso. Hesabu yao inafaa chumvi inapokuwa chache. Chumvi ikizidi inapotoka, na kwa ioni kubwa laini kama iodidi, ambazo hupenda kukaa juu usoni, taswira peke yake haisemi kweli.