Kipindi cha Rekebishi Kinapangwa Kabla ya Muhula, Si Baada ya Kuchelewa

Mwalimu tarajali anapofika shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, kazi ya kwanza anayodaiwa ni azimio la kazi. Mwalimu wa taaluma atataka kulisaini, na mkufunzi kutoka chuoni atalifungua kabla hajakaa nyuma ya darasa kusikiliza. Wengi hulimaliza kwa usiku mmoja: muhtasari wa somo mkono mmoja, kalenda ya shule mkono mwingine, mada zinagawanywa kwenye wiki hadi zinaisha. Azimio la namna hiyo lina kasoro ambayo haionekani kwenye karatasi. Limeandikwa kana kwamba darasa zima litaelewa kila jambo kwa mwendo mmoja. Wiki ya tatu ikifika na baadhi ya watoto bado wanahangaika na jambo la wiki ya kwanza, hakuna kipindi kilichobaki kwa ajili yao.

Tuchukue mfano wa Hisabati Darasa la Nne, katika shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara, mazoezi yakiwa ya wiki 8 kati ya Julai na Agosti. Tuseme ratiba inatoa vipindi 5 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Kwa hesabu ya haraka ni vipindi 40. Lakini wiki ya tano ina majaribio ya shule, vipindi 5 vinakwenda. Nane Nane ikiangukia siku ya masomo, kingine kimoja kinakwenda. Vinabaki 34. Hapo ndipo mwalimu makini anapotenga vya rekebishi kabla hajagusa mada: kimoja cha jaribio la kuwatambua wanafunzi katika wiki ya kwanza, na kimoja katika kila wiki inayofuata, isipokuwa ile ya majaribio. Jumla 7. Mada mpya zinapata 27.

Vipindi 27 huenda visitoshe mada zote alizokusudia. Mahali pa kulisema hilo ni mezani kwa mwalimu mlezi, ambaye ndiye atakayebaki na darasa, na ni mapema kabla azimio halijasainiwa. Mara nyingi mada ndogo zinazorudia mambo ya Darasa la Tatu zinaweza kufupishwa, kwa sharti kwamba jaribio la wiki ya kwanza limeonyesha watoto wanazijua.

Jaribio lenyewe halihitaji maswali mengi. Linahitaji maswali yaliyochaguliwa kwa akili. Kwa kutoa, swali kama 543 − 121 halisemi kitu, kwa sababu hata asiyejua kukopa atalipata. Lakini mpe mtoto 503 − 267 kisha usome jibu lake. Jibu sahihi ni 236. Aliyeandika 364 amechukua tarakimu ndogo akaitoa kwenye kubwa katika kila safu, bila kujali ipi iko juu: 7 toa 3, 6 toa 0, 5 toa 2. Huyu hajui kukopa kabisa. Aliyeandika 246 anajua kukopa, ila sifuri imemchanganya: ameigeuza kuwa 10, akakopesha mamoja, kisha akasahau kwamba makumi yamebaki 9. Aliyeandika 237 amepita hatua zote sawasawa, ila 13 toa 7 kwake ni 7.

Wote watatu wamepata alama ya kosa kwenye daftari, na kwenye orodha ya alama wanafanana. Mahitaji yao hayafanani hata kidogo. Ndiyo maana kuwakusanya wote waliopata chini ya nusu na kuwafundisha kutoa upya tangu mwanzo huzaa matunda machache: mmoja anachoshwa na anachokijua, mwingine hafikiwi pale alipokwama.

Tuseme darasa lina wanafunzi 60: 34 wamepata, 14 wameandika 364, 7 wameandika 246, na 5 wana makosa ya kutoa namba ndogo. Kabla ya kupanga makundi, mwalimu huwaita wawili watatu wa kila aina, mmoja mmoja, na kuwaambia waeleze kwa sauti walivyofanya. Dakika chache hizo huthibitisha alichokisoma daftarini, au humwonyesha kwamba mtoto alinakili tu kwa jirani.

Kundi la 14 linarudi kwenye vijiti na swali dogo, 62 − 38. Kuna mafungu 6 ya vijiti kumikumi na vijiti 2 vya pembeni. Wanatakiwa kuondoa 8, navyo viko 2. Mtoto mwenyewe anafungua fungu moja: sasa ana mafungu 5 na vijiti 12. Anaondoa, anabaki na 24, kisha ndipo anaandika alichofanya kwa mikono. Kundi la 7 halihitaji kuanzia huko. Linapewa 503 na kutakiwa kuiandika upya kabla ya kutoa chochote: mamia 4, makumi 9, mamoja 13. Wale 5 wanafanya mazoezi mafupi ya kutoa kwa kupitia kumi: 13 toa 3, kisha toa 4. Wengine 34 wanahakiki majibu yao kwa kujumlisha, 236 na 267, kisha wanatunga mafumbo ya kutoa. Mwalimu anakaa na kundi la vijiti, kwa kuwa ndilo lisiloweza kwenda peke yake.

Wiki inayofuata wanapewa swali la aina ileile kwa namba nyingine, kama 402 − 158. Jibu ni 244, na mwalimu anajua mapema kwamba kosa la kwanza litatoa 356 na la pili 254. Matokeo yanaingia kwenye safu ya maoni ya azimio, ile ambayo kwa kawaida hujazwa maneno kama "mada imefundishwa vizuri". Maoni yenye faida yanasomeka hivi: "Kati ya 14 wasiojua kukopa, 9 wameweza bila vijiti, 5 waendelee na vijiti wiki ya 4." Andalio la somo la wiki ya nne linaanzia kwenye sentensi hiyo.

Mpango huu una mipaka yake. Mtoto asiyeweza kusoma namba hadi 20 hatasaidiwa na kipindi kimoja kwa wiki; huyo apelekwe kwa mwalimu wa darasa mapema. Mtoto anayekosea akinakili kutoka ubaoni lakini anapata akisomewa swali, huenda tatizo lake ni macho. Aketi mbele, na mzazi aelezwe. Kuhamishia rekebishi baada ya saa za masomo kuna gharama yake pia: wanaohitaji zaidi ndio mara nyingi wanaoondoka mapema, kwa njaa au kwa kazi za nyumbani. Makundi nayo yabadilike kila wiki kulingana na kosa, maana kundi lisilobadilika hupewa jina na watoto wenyewe kabla ya mwezi kuisha, na jina hilo halina heshima.

Mazoezi yakiisha, mwalimu tarajali huondoka na alama zake. Azimio lenye safu ya maoni iliyojazwa hivyo, pamoja na orodha ya watoto ambao bado hawajaweza na hatua waliyokwama, anapaswa kumwachia mwalimu mlezi, ili Septemba isianze kwa kuwatambua upya watoto walewale.