Aya ya makabidhiano katika barua ya likizo

Barua nyingi za kuomba likizo huandikwa vizuri hadi aya ya pili. Kichwa cha habari kipo, tarehe zipo, sababu ipo. Kisha inakuja sentensi moja ya haraka: "Katika kipindi hicho majukumu yangu yatafanywa na wenzangu ofisini." Hapo ndipo kalamu ya bosi husita. Anachotaka kujua ni mwenzako yupi, atafanya jukumu lipi, na lile faili la wiki ijayo litafikia wapi kabla hujapanda basi. Barua ikikosa majibu hayo, ama inarudishwa, ama inasainiwa kwa moyo mzito na wewe unapigiwa simu kila asubuhi ukiwa kijijini.

Aya ya makabidhiano inaeleweka zaidi ukiiona ikifanya kazi, kwa hiyo tumchukue mtu mmoja. Ni mhasibu wa kampuni ndogo ya vifaa vya ujenzi nchini Tanzania. Anaandaa mishahara, anaandaa kodi, anasuluhisha hesabu za benki, na anashika kisanduku cha fedha za matumizi madogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, na sikukuu zikiangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Anaomba kuanza Jumatatu, tarehe 8 Juni 2026. Siku 28 zinamalizika Jumapili, tarehe 5 Julai, naye anarudi kazini Jumatatu tarehe 6.

Kabla ya kuandika neno lolote anafungua kalenda, na hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka. Aya huanzia kwenye tarehe zinazoangukia ndani ya likizo na zile zinazoigusa mwanzo na mwisho. Majina hufuata baadaye. PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, hulipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Ya Mei inaangukia tarehe 7 Juni, ambayo ni Jumapili, siku moja kabla likizo haijaanza. Ritani ya VAT ya Mei inatakiwa kufikia tarehe 20 Juni, naye atakuwa hayupo. Mishahara ya Juni hulipwa mwishoni mwa mwezi, hayupo pia. Kampuni inafunga hesabu zake Desemba, kwa hiyo awamu ya pili ya kodi ya mapato inadaiwa kufikia tarehe 30 Juni. Hii ni rahisi kusahaulika kwa sababu huja mara nne tu kwa mwaka.

Halafu kuna tarehe 7 Julai, siku ya PAYE ya Juni. Kwa haraka mhasibu angesema, "Hiyo nitaifanya mwenyewe, nitakuwa nimerudi." Lakini tarehe 7 Julai ni Sabasaba, sikukuu. Akirudi tarehe 6 anabaki na siku moja tu ya kazi, siku yenyewe ya kupokea ofisi, na mfumo wa malipo ukisumbua siku hiyo hana pa kukimbilia. Kazi hiyo lazima iandaliwe na anayebaki. Kazi inayoangukia siku ya kurudi au kesho yake ihesabiwe kuwa ni kazi ya likizo.

Sasa anaigawa orodha yake. Kazi ya kumaliza kabla ya kuondoka ni ile ambayo inategemea yeye peke yake na ambayo vitu vyake vyote vimeshafika mezani. PAYE ya Mei inaingia hapa, maana mishahara ya Mei imeshalipwa na hesabu ipo. Anaahidi kuilipa ifikapo Ijumaa tarehe 5. Usuluhishi wa benki wa Mei nao unaingia, kwa kuwa taarifa ya benki ya hadi tarehe 31 inapatikana siku za kwanza za Juni.

Ritani ya VAT haiingii. Ankara za wauzaji za Mei huendelea kuja hadi wiki ya pili ya Juni. Fundi wa magari analeta risiti yake akikumbuka, na msambazaji wa saruji anatuma ankara kwa basi. Mhasibu akiandika kwamba ataimaliza ritani kabla ya kuondoka, ama atawasilisha pungufu na kampuni ikose kwenye ritani hiyo kodi ya manunuzi ambayo ingeidai, ama ataondoka bila kuimaliza huku barua kwenye faili lake ikisema imekwisha. Barua ya namna hiyo inaumiza zaidi ya kukaa kimya, kwa sababu hakuna atakayeitazama tena kazi iliyoandikwa kuwa imekamilika. Kwa kazi kama hii aya itaje inaachwa ikiwa imefika wapi, na nani anaanzia hapo.

Ndipo tunafika kwenye jina. Wengi humchagua rafiki, au aliye huru, au aliye karibu na meza. Kwenye kazi ya fedha kuna kizuizi kimoja kisichopindika: anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha. Kwa mhasibu wetu, Meneja wa Fedha ndiye anayeidhinisha. Hivyo hata kama meneja anaijua kazi ya mishahara kuliko wote, asitajwe kuwa ndiye atakayeiandaa. Anayefaa ni mhasibu msaidizi.

Kisanduku ni hadithi nyingine. Karani wa ghala ni mwaminifu na yupo kila siku, lakini maombi mengi ya fedha ndogo hutoka ghalani kwake: nauli ya bodaboda, vibarua wa kupakua mizigo, kufuli jipya. Akishika kisanduku atakuwa anajiombea na kujilipa. Kisanduku kiende kwa katibu muhtasi. Kumbe msaidizi wa mtu mmoja anaweza kuwa watu wawili, na barua ikishasema hivyo wazi hakuna utata.

Jambo jingine linaloharibu barua nyingi ni kumtaja mtu ambaye hajaulizwa. Bosi akisaini Jumatano, aliyetajwa anajikuta na mzigo Alhamisi, na mara nyingi naye ana likizo au safari ya mafunzo tarehe zilezile. Uliza kwanza, mwonyeshe zile tarehe tano, kisha uandike kwamba amekubali. Tumia "napendekeza", maana mwenye mamlaka ya kumpa mtu kazi ni mwajiri. Hili linazidi uzito pale ambapo wewe ni mkuu wa kitengo. Mtu wa kukaimu cheo chako huteuliwa kwa barua ya mwenye mamlaka, na mpaka ateuliwe hawezi kusaini kwa cheo hicho, hata kama umemtaja kwenye barua yako na mnaelewana vizuri.

Baada ya kazi hiyo yote, aya yenyewe inakuwa fupi. Ya mhasibu wetu inasomeka hivi:

"Katika kipindi cha likizo, kuanzia tarehe 8 Juni hadi tarehe 5 Julai 2026, napendekeza kazi za mishahara na kodi zifanywe na Bi. (jina kamili), Mhasibu Msaidizi, na kisanduku cha fedha za matumizi madogo kishikwe na Bi. (jina kamili), Katibu Muhtasi. Nimezungumza nao na wamekubali. Kabla ya kuondoka, ifikapo Ijumaa tarehe 5 Juni, nitakuwa nimelipa PAYE ya Mei, nimekamilisha usuluhishi wa benki wa Mei, na nimekabidhi kisanduku kwa maandishi. Ritani ya VAT ya Mei nitaiacha ikiwa na ankara zote zilizopokelewa hadi siku hiyo. Mhasibu Msaidizi ataingiza zitakazofuata na kuiwasilisha kabla ya tarehe 20 Juni. Ataandaa pia awamu ya kodi ya mapato ya tarehe 30 Juni, mishahara ya Juni, na PAYE yake, ambayo inapaswa kulipwa ifikapo tarehe 3 Julai kwa kuwa tarehe 7 ni sikukuu. Uidhinishaji wa malipo yote unabaki kwa Meneja wa Fedha."

Sentensi ya mwisho inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomlinda msaidizi. Bila hiyo, mtu akija na ankara ya haraka na kusema "wewe ndiye uliyeachiwa", msaidizi hana karatasi ya kumwonyesha kwamba aliachiwa kuandaa tu.

Jaribio la kuipima aya ni rahisi. Mpe mtu wa idara nyingine aisome, umuulize: "Tarehe 18 Juni fundi amekuja na ankara ya Mei, aipeleke kwa nani?" Akijibu bila kukutazama usoni, aya imekaa sawa. Akisema "nadhani", rudi mezani.

Kuna vitu visivyopaswa kuingia humo. Nywila za mifumo haziandikwi kwenye barua, kwa sababu barua ya likizo huwekwa kwenye faili na hupita mikononi mwa wengi. Msaidizi afunguliwe akaunti yake mwenyewe kwenye mfumo, na iombwe mapema. Angalia pia namba za uthibitisho ambazo benki hutuma kwenye simu. Zikiwa zinakuja kwenye simu yako, mtandao ukikatika huko uliko, mishahara ya watu inakwama. Bora benki iombwe imwandikishe msaidizi wiki mbili kabla.

Sentensi ya "nitapatikana kwa simu wakati wowote" naiona kuwa inavunja kila kilichojengwa juu yake. Ukiiandika, msaidizi hasomi maelekezo, anapiga. Kama kuna jambo moja ambalo kweli ni wewe tu unalijua, litaje hilo, kwa mfano mahali zilipo hati za mkopo wa zamani, na uishie hapo.

Likizo ya uzazi inahitaji uangalifu zaidi kwenye tarehe. Sheria ya Tanzania inatoa siku 84, au 100 kama watoto ni zaidi ya mmoja, na mtoto hafuati kalenda ya ofisi. Kwa hiyo mama asiahidi kumaliza kazi siku ya mwisho kabla ya likizo. Aweke mpaka wake wiki tatu au nne nyuma, na msaidizi aanze kuzifanya kazi hizo wakati mwenyewe bado yupo karibu.

Makabidhiano ya vitu hufanyika kwa hati ya pembeni, na barua huitaja tu. Ijumaa ile mhasibu na katibu muhtasi wanakaa na kisanduku chenye kiwango cha shilingi 500,000. Wanahesabu noti na sarafu: 318,000. Wanajumlisha risiti ambazo hazijarejeshewa fedha: 182,000. Jumla inatimia, wanaandika tarehe na saa, wanasaini wote wawili mbele ya shahidi, na kila mmoja anabaki na nakala. Jumatatu tarehe 6 Julai hesabu hiyohiyo inarudiwa kwa mpangilio uleule kabla mhasibu hajapokea ufunguo, pamoja na stakabadhi ya malipo ya PAYE ya Juni.